Maji Yalipita Wapi? Kusoma Matabaka ya Udongo Kwenye Mteremko wa Usukuma

Karibu kila kitabu cha kilimo kina mchoro uleule: ukuta wa udongo uliokatwa wima, mweusi juu, kahawia katikati, mawe chini, na kila tabaka limepewa herufi yake. Mwanafunzi huukariri, akaujibia mtihani, akafaulu. Siku anayopelekwa shambani na kuingia shimoni, anakuta ukuta wenye rangi moja kutoka juu mpaka chini, au mchanga mweupe uliolala juu ya udongo mgumu usioingia kisu. Herufi alizozikariri hazionekani, naye anadhani shimo limechimbwa pasipostahili.

Shimo halina kosa. Mchoro wa kitabuni hukusanya mahali pamoja matabaka yote yanayoweza kutokea, ilhali mashimo yenye matabaka yote hayo ni machache. Linalomfaa mwanafunzi zaidi ya kukariri herufi ni kujua kila tabaka lilitokeaje, na hapo swali kubwa ni moja: maji yalipita wapi, na yalikwama wapi? Mahali pazuri pa kujifunzia hilo ni Usukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria, kwenye vile vilima vyenye majabali makubwa ya matale yaliyopandana. Ukishuka kwa miguu kutoka kwenye majabali hadi bondeni, utakuwa umekanyaga udongo wa aina tatu au nne, na zote zimetokana na mwamba mmoja.

Aliyeliweka jambo hili kwenye vitabu vya sayansi ni Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, miaka ya 1930. Milne alikuwa akiandaa ramani ya udongo wa Afrika Mashariki, na kilichomsumbua ni kwamba kila alipovuka kilima udongo ulibadilika mara kadhaa, kisha kwenye kilima kilichofuata ukabadilika tena kwa mpangilio uleule. Mwaka 1935 akapendekeza kwamba kinachostahili kuchorwa ni mfuatano mzima, kutoka kileleni hadi bondeni, akauita katena. Jina hilo linatumika hadi leo duniani kote. Wakulima wa Kisukuma, kwa upande wao, walikuwa na jina la kila udongo kwenye mfuatano huo: luseni kwa ule wa mchanga ulio juu, itogolo kwa ule wenye tabaka gumu chini yake, na mbuga kwa ule mweusi wa bondeni. Nitayatumia majina hayo, kwa sababu yanaeleza mengi kwa maneno machache.

Tuanze na mwamba. Matale yana madini makuu matatu, na ukishika kipande kilichovunjika karibuni utayaona kwa macho. Kuna kwatzi, ambayo ni punje ngumu zenye mwanga wa kioo. Kuna felspa, nyeupe au ya waridi, yenye nyuso bapa. Na kuna ulanga, vile vipande vyembamba vinavyometameta na kubanduka kwa ukucha. Joto la mchana na baridi ya usiku hupanua na kusinyaza mwamba hadi ukapata nyufa, na mizizi huingia humo ikazipanua. Hiyo ni kazi ya kuvunja tu: jabali limekuwa kokoto, lakini kokoto bado ni matale.

Kazi ya kugeuza hufanywa na maji. Mvua hubeba hewa ya kaboni kutoka angani, na hubeba nyingi zaidi inapopita kwenye udongo wenye mizizi na vijidudu vinavyopumua. Maji hayo huwa asidi hafifu. Asidi hiyo haiiwezi kwatzi, ila felspa huiweza, polepole sana. Hunyonya kutoka ndani yake potasiamu, sodiamu na kalsiamu, na kinachobaki hujipanga upya kuwa mfinyanzi. Ulanga nao huharibika, na chuma kilichomo hutoka kikapata kutu. Kwa hiyo matale yakioza yanatoa vitu vinne: mchanga, ambao ni kwatzi iliyosalimika, mfinyanzi, ambao ni felspa iliyogeuka, kutu ya chuma, inayotia wekundu au unjano, na chumvi zilizoyeyuka, zinazosafiri na maji. Ukivishika vitu vinne hivi, kila tabaka utakalolikuta kwenye mteremko huu litaeleweka, kwa sababu tofauti kati ya tabaka na tabaka ni kipi kimebaki na kipi kimehama.

Mwendo wa kazi hii ni wa taratibu kiasi kwamba binadamu hawezi kuuona. Sentimita moja ya udongo kutokana na mwamba mgumu kama matale huchukua zaidi ya miaka 100, na mara nyingi mamia kadhaa. Mvua ya Usukuma, ambayo kwa sehemu kubwa ni kati ya milimita 700 na 1,000 kwa mwaka, haigawanyiki sawa: hunyesha kati ya Novemba na Mei, kisha nchi inakauka kabisa. Kulowa na kukauka huko, mwaka baada ya mwaka, ndiko kunakochonga matabaka.

Sasa herufi. Ziko sita, na nitazipa majina ya Kiswahili yanayoeleza kilichotokea.

O ni masazo: majani, vijiti na mabua yaliyolala juu ya ardhi, mengine yameanza kuoza. Msituni unaweza kulipima kwa vidole. Kwenye shamba la Usukuma ambako mifugo hula mabua na mchwa humalizia, mara nyingi halipo, na usijilazimishe kuliandika.

A ni udongo wa juu, wa jembe. Ni mweusi kidogo kuliko ulio chini yake kwa sababu ya mboji iliyochanganyika na madini. Hapa ndipo mizizi mingi ilipo. Palipolimwa, mpaka wake wa chini huwa umenyooka kwa kina ambacho jembe au plau hufika, sentimita 15 hadi 20 hivi.

E ni tabaka lililofuliwa. Maji yamepita hapo mara nyingi hadi yakaondoka na mfinyanzi, chuma na mboji, yakaacha mchanga uliopauka. Wengi huliona jeupe wakadhani ni majivu au mchanga uliomwagwa.

B ni tabaka pokezi. Kilichofuliwa juu kimefikia hapa na kutua: mfinyanzi, au chuma, au chokaa, kutegemea udongo. Likipokea mfinyanzi, nyuso za madonge yake huwa na ngozi nyembamba inayong'aa ukiigeuza juani. Lakini si kila B imepokea kitu. Nyingine ni B kwa sababu tu mwamba umegeuka hapohapo, ukapata rangi na madonge.

C ni mwamba uliooza. Bado unaona sura ya matale, punje zimekaa mahali pake, ila ukifinya kwa mkono unavunjika. R ni mwamba mzima, ule ambao sururu hurudi.

Tatu kati ya hizi, yaani A, B na C, utazikuta karibu kila mahali penye udongo mkongwe. E ndiyo inayosumbua wanafunzi, na ndiyo inayotupeleka kwenye mteremko wetu.

Shimo la kwanza tulichimbe juu, hatua chache chini ya majabali, kwenye luseni. Ukuta wake hauna maigizo. A yake ni mchanga wa kahawia hafifu, mboji ni kidogo. Chini yake mchanga unaendelea, umechangamka rangi kidogo kuwa njano au wekundu, mfinyanzi unaongezeka pole pole, kisha unafika kwenye changarawe na matale yaliyooza. Huwezi kuonyesha kwa kidole mahali hasa A inapoishia na B kuanzia. Mpaka ni wa kufifia, nao huandikwa hivyo. Maji hapa yalipita bila kizuizi. Yalishuka, yakachukua chumvi zote, na chuma kilichobaki kilipata hewa ya kutosha, ndiyo maana rangi ni za kutu. Palipo na kina kirefu na maji yanatoka vizuri zaidi, udongo huwa mwekundu kabisa, ule ambao Wasukuma huuita kikungu. Mihogo, karanga na viazi vitamu huvumilia luseni, kwani mizizi hupenya kirahisi na maji hayatuami. Rutuba yake, hata hivyo, imekaa yote katika zile sentimita chache za mboji, na mvua kubwa moja kwenye shamba lisilo na makinga maji inaweza kuondoka na sehemu yake.

Chumvi na mfinyanzi vilivyotoka luseni vilikwenda wapi? Vilishuka. Na sehemu ya maji hayo haikushuka wima. Ilitembea chini kwa chini kufuata mteremko. Ndiyo maana shimo la pili, katikati ya mteremko wa chini, ni la ajabu kuliko yote, nalo linastahili kusomwa sentimita kwa sentimita. Tuchukue shimo la mfano la itogolo, lenye vipimo vya kawaida kwa udongo wa aina hiyo.

Kuanzia 0 hadi 18 ni mchanga wa kijivu-kahawia, mizizi mingi ya nyasi. Hiyo ni A. Kuanzia 18 hadi 33 mchanga unapauka ghafla, ukikauka ni mweupe karibu kama chumvi ya mawe, na ukiusugua viganjani haushikani. Kuna madoa machache ya kutu pembezoni mwa mizizi. Hiyo ni E. Kwenye sentimita ya 33 kisu kinagota. Mpaka ni wa wembe: unaweza kuufuata kwa kidole ukutani kote. Kutoka hapo hadi 80 ni mfinyanzi wa kijivu, mgumu mno kiangazi, umepasuka kuwa nguzo zilizosimama wima, na baadhi ya vichwa vya nguzo ni vya mviringo vyenye unga mweupe wa mchanga juu yake. Mizizi inafika kwenye mpaka, inakunja, inatambaa kando. Hiyo ni B. Chini ya 80 kuna vinundu vya chokaa, vigumu, ukubwa wa njegere. Ukidondoshea asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa hadi asilimia 10 vinatoa povu kwa sauti. Mbele zaidi ni matale yaliyooza.

Ni sodiamu iliyofanya haya. Felspa za matale zina sodiamu ya kutosha, na ilipooshwa kutoka juu ilikusanyika hapa, mahali ambapo maji hupungua mwendo. Sodiamu ikizidi kwenye mfinyanzi, chembe zake huachana zinapolowa, badala ya kushikamana kuwa madonge. Chembe zilizoachana huelea, huteremka na maji, na huziba matundu ya chini. Matundu yakishazibwa, maji ya mvua inayofuata hayapati pa kupita, yanatuama juu ya B na kuanza kwenda kando kufuata mteremko, yakiifua E zaidi. Jambo linajiongeza lenyewe: kadiri B inavyozibika, ndivyo E inavyopauka. Yale madoa ya kutu ni ushahidi kwamba kwa wiki kadhaa masika E hujaa maji na kukosa hewa, chuma kikayeyuka, kisha kiangazi hewa ikarudi kupitia njia za mizizi na chuma kikapata kutu palepale.

Kuna kipimo rahisi cha kuthibitisha sodiamu hata ukiwa huna maabara. Chukua donge kavu la B, ukubwa wa punje ya mahindi, litumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usilikoroge. Baada ya muda wa saa kadhaa, donge la kawaida litakuwa limemeguka lakini maji yamebaki safi. Donge lenye sodiamu nyingi huzungukwa na wingu la maziwa. Usitumie maji ya kisima, kwa kuwa chumvi zake huzuia wingu hilo na utapata jibu la uongo.

Hapa ndipo elimu ya matabaka inapogusa mfuko. Mtu akiangalia itogolo kwa juu anaona mchanga, anasema panahitaji kulimwa kwa kina ili mizizi ishuke. Anakodi trekta, plau inachimbua B na kuileta juu. Mvua ya kwanza inaisambaratisha mfinyanzi ule, ukikauka unakuwa gamba ambalo mche wa mahindi hauwezi kulitoboa. Jasi inaweza kuiondoa sodiamu, kwa sababu kalsiamu yake huchukua nafasi yake kwenye mfinyanzi, lakini sodiamu iliyotolewa lazima iwe na pa kwenda, na kwenye itogolo maji hayapiti. Wakulima wa Usukuma walichagua njia nyingine: wakajenga majaruba. Wanainua kingo kwa udongo wa juu, mvua inajaa, na B ileile isiyopitisha maji ndiyo inayoyazuia yasipotee. Mpunga unakaa ndani ya maji bila bomba wala saruji. Tabaka lililo baya kwa mahindi ndilo linalofanya jaruba liwezekane.

Shimo la tatu liko bondeni, kwenye mbuga, na ndilo linalomchanganya yule mwanafunzi wa mchoro. Ukuta ni mweusi kuanzia juu hadi mita moja na zaidi. E haipo. B haionekani kwa rangi. Weusi huo huwadanganya wengi kwamba mboji ni nyingi sana, kumbe mara nyingi kaboni ya mboji ni asilimia 1 au 2 tu, imejifunga vizuri kwenye mfinyanzi ndiyo maana inatia rangi kali. Mfinyanzi wenyewe ni mwingi, asilimia 30 ya udongo au zaidi, tena ni wa aina nyingine kabisa na ule wa juu. Kule juu, ambako chumvi zote zimeoshwa, felspa hugeuka kaolini, mfinyanzi mtulivu usiovimba. Huku chini, ambako kalsiamu, magnesiamu na silika zilizoshushwa na maji zimejaa, hujengeka smektaiti, mfinyanzi unaonyonya maji katikati ya bapa zake na kuvimba. Mwamba ni uleule wa matale. Kilichotofautiana ni kile ambacho maji yalikiondoa huku na kukirundika kule.

Kuvimba na kusinyaa ndiko kunakoyafuta matabaka. Kiangazi mbuga hupasuka, nyufa zikashuka zaidi ya nusu mita. Udongo wa juu humomonyokea ndani ya nyufa, na upepo na kwato za ng'ombe huongeza. Masika ikifika, chini kumejaa udongo wa ziada, mfinyanzi unavimba na kukosa nafasi, unasukumana. Vipande vikubwa huteleza juu ya vingine na kuacha nyuso laini zinazong'aa, zenye mistari, zimelala mshazari. Ukizikuta nyuso hizo kwa kina cha sentimita 50 hivi, umeisoma mbuga. Hizo ndizo alama za kuandika, pamoja na vinundu vya chokaa. Usitafute mipaka ya rangi isiyokuwepo.

Anayetaka kuchimba shimo lake mwenyewe ajue kwamba makosa mengi hufanyika kabla hata hajaanza kusoma. Shimo la upana wa mita 1 na urefu wa mita 1.5 linatosha, kina mita 1.5 au mpaka mwamba. Ukuta utakaosomwa uelekee jua, na juu yake pasikanyagwe wala kurundikwa kifusi, la sivyo A itakuwa imeshindiliwa na kupotosha vipimo. Upande wa pili weka ngazi za udongo za kushukia. Kwenye mchanga kama luseni usishuke peke yako ndani ya shimo lenye kina, kuta zake huporomoka bila onyo. Ukuta ukishachongwa kwa sepeto huwa umepakwa tope na kuficha kila kitu, kwa hiyo ubandue kidogo kidogo kwa ncha ya kisu kuanzia juu. Sampuli za maabara huchukuliwa kuanzia tabaka la chini kwenda juu. Ukianza juu, chembe za A zitaangukia chini na maabara itakuambia C yako ina mboji.

Mtego mmoja zaidi ni wa mchwa. Kwa miaka mingi mchwa hupandisha udongo laini kujengea vichuguu, vichuguu huporomoka na kusambaa, na kokoto ambazo mchwa hawezi kuzibeba hubaki chini zikajipanga kuwa mstari wa mawe, pengine kwenye sentimita 60 au 100. Mwanafunzi akigonga mstari huo huandika "R" na kufunga daftari. Achimbe sentimita 20 zaidi. Mara nyingi atakuta udongo unaendelea.

Wakati wa kuchimba, udongo wa A uwekwe kando peke yake na wa chini peke yake, kisha wakati wa kufukia wa chini urudi kwanza. Kwenye itogolo hasa, mwenye shamba atakukumbuka kwa misimu kadhaa ukivikosea vifusi viwili hivyo, maana pale ulipochimba patabaki kiraka kisichoota.